Skatingi: vipande vinapotea kwenye kona, si kwenye mita

Mama mmoja wa Buhongwa, Mwanza, aliniambia sebule yake ina mita 21, kwa hiyo nimletee skatingi, vile vipande vya marumaru vya chini ya ukuta, mita 21. Nilimuuliza, "Mayu, hizo 21 ni za sakafu au za ukuta?" Akacheka, akasema mita ni mita. Hapo ndipo hesabu nyingi za skatingi zinapoharibikia, kabla hata grainda haijawashwa.

"Chumba cha mita 16 kinakula skatingi mita 16"

Dhana hii ina asili yake, nayo ni chumba cha 4 kwa 4. Sakafu yake ni mita za mraba 16 na mzunguko wake ni mita 16, namba zinalingana kwa bahati tu. Mtu akishajenga chumba kimoja cha hivyo, anaibeba hesabu hiyo maisha yote.

Sebule ya huyu mama ni mita 5 kwa 4.2. Sakafu yake ni mita za mraba 21, ila mzunguko ni 18.4. Korido ya nyumba hiyohiyo ina urefu wa mita 8 na upana wa 1.2. Sakafu yake haifiki hata nusu ya sebule, ni mita za mraba 9.6, lakini jumlisha kuta zake nne utapata 18.4 ileile. Skatingi inafuata ukuta. Ukubwa wa sakafu hauijui.

"Milango usitoe, itafidia mikato"

Hii nimeisikia kwa mafundi wazoefu kabisa, na ubaya wake ni kwamba mara nyingine inafanya kazi. Tuone kwenye korido. Ina milango mitano, kila mmoja sentimita 90 pamoja na fremu, na mwisho mmoja uko wazi. Toa 4.5 ya milango na 1.2 ya uwazi, zinabaki mita 12.7. Kwa vipande vya sentimita 60 hivyo ni 22. Usipotoa kitu, utanunua 31. Vipande tisa vya ziada havifidii mkato wowote, vitakaa stoo mpaka watoto wavivunje.

Jambo la kuangalia ni unapima mlango kutoka wapi. Wengi wanapima bamba la mlango, wakati skatingi inaishia kwenye ukingo wa nje wa fremu. Mlango mkubwa wa huyu mama ni wa sentimita 90, ila fremu inaongeza tano kila upande, kwa hiyo kinachotoka ni mita 1 kamili. Kama kuna ubao uliopigiliwa ukutani kuzunguka fremu, pima kutoka nje ya ubao huo.

Uwazi usio na mlango, kama ule wa kwenda chumba cha kulia, ni habari nyingine. Unatoa upana wake, kisha unarudisha unene wa ukuta pande zote mbili, kwa sababu skatingi inaingia ndani na kugeuka. Tofali la sentimita 15 pamoja na plasta linafika kama 18. Nguzo iliyochomoza katikati ya ukuta nayo inaongeza pande zake mbili. Lakini ukuta uliokatwa pembeni, ule unaofanya chumba kiwe na umbo la L, hauongezi chochote kwenye mzunguko. Unaongeza kona tu.

"Gawa mita kwa urefu wa kipande, ongeza asilimia kumi, umemaliza"

Sebule sasa. Mzunguko 18.4. Toa mlango mita 1, toa uwazi wa 1.8, rudisha unene wa ukuta mara mbili, yaani 0.36, ongeza pande za nguzo, 0.2 mara mbili. Jibu ni mita 16.36. Gawa kwa 0.6, unapata vipande 28. Asilimia kumi ikiongezwa inakuwa 31.

Sasa chukua tepu upite ukuta kwa ukuta. Ukuta wa nguzo una mapande mawili ya 2.3, na uso wa nguzo ni 0.4. Ukuta wa mlango una pande la 0.4 na la 2.8. Ukuta wa uwazi una mawili ya 1.6. Wa mwisho ni 4.2 bila kizuizi. Ukihesabu vipande vizima tu, ni 21. Vinabaki vya kukata: viwili vya 0.5, vitano vya 0.4, na vidogo vinne vya karibu 0.2, yaani viwili vya nguzo na viwili vya ndani ya uwazi.

Kalkuleta inasema 0.4 na 0.2 vinatoka kwenye kipande kimoja cha 0.6. Grainda haikubali. Diski inakula kama milimita 3 kila mkato, kwa hiyo kinachobaki ni sentimita 19.7. Na kona ya nje inataka zaidi ya ukuta ulivyo: ukikata nyuzi 45, uso wa kipande lazima uuzidi ukuta kwa unene wa marumaru pamoja na gundi, tuseme milimita 12 kila upande. Kile cha ndani ya uwazi, ambacho ukuta wake ni 18, kinahitaji sentimita 20.4. Masalia hayatoshi. Vile vidogo vinne vinataka vipande viwili vipya. Jumla: 21, saba, na viwili, ni 30. Grauti ikikurudishia milimita chache ni bahati, usiiandike kwenye oda.

Kwa hiyo 31 ya asilimia kumi inakuachia kipande kimoja tu cha akiba, kwenye chumba chenye kona sita za nje, na kona ya nyuzi 45 ndiyo inayomeguka kuliko mkato wowote. Mimi niliandika 32. Kona za ndani hazinisumbui, kuta fupi zinatangulia na ndefu zinakuja kugota.

Kona za nje zikivaa trimu ya alumini, hesabu inalegea. Hakuna kukata nyuzi 45, kipande kinalingana na ukuta, na vile vya 18 vinatoka kwenye masalia ya vile vya 0.4, vya nguzo vinagawana kipande kimoja kipya. Unabaki na 29. Trimu yenyewe ni sentimita 10 kwa kila kona, zote sita ni sentimita 60, na mche mmoja wa mita 2.5 unatosha na kubaki. Hapo ndipo muuzaji wa mjini anapokuuzia miche sita.

"Marumaru moja ya 60 inatoa skatingi sita"

Inatoa, pungufu kidogo. Mikato mitano inakula milimita 15, kwa hiyo kila kipande ni sentimita 9.75, tofauti ambayo huioni. Utakachoona ni ukingo. Kati ya sita, viwili tu vina ukingo wa kiwandani, vinne vimekatwa pande zote mbili. Ukingo uliokatwa ukikaa juu, utaona rangi ya udongo wa ndani na meno ya diski, hasa marumaru nyeupe. Anayekubali kusugua ukingo kwa jiwe atapata vipande vyake 32 kwenye marumaru sita. Anayetaka ukingo wa kiwandani peke yake juu anahitaji 16.

Mama alichagua skatingi zilizotoka kiwandani tayari, 32, na nikamwomba dukani alinganishe namba ya toni ya rangi kwenye kila boksi kabla ya kulipa. Nyumba iko juu ya mawe, boda inaishia chini, na boksi linapanda kwa bega.