PIN ya WhatsApp ukiisahau: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: "Nitaomba tarakimu nyingine zije kwa meseji."

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na chanzo ni kwamba PIN na namba inayokuja kwa meseji zote zina tarakimu 6. Zile zinazokuja kwa meseji hutumwa na WhatsApp kila unaposajili namba yako, na kila mara huwa mpya. PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili uliitunga mwenyewe, pengine miaka miwili iliyopita, na haitumwi kwa meseji hata uombe mara kumi. Tazama skrini inauliza nini. Ikitaja PIN, meseji imeshamaliza kazi yake. Na PIN hiyo si ile ya kufungulia simu, wala si ya laini.

Dhana: "Nikiwa nimeisahau, nimeshafungiwa."

Si lazima. Kama WhatsApp bado inafunguka kwenye simu yako, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, uchague kubadilisha PIN. Hapo huulizwi ile ya zamani. Unaandika mpya, unairudia, basi.

Njia hii ina wakati wake, na ndiyo maana naisisitiza. Chukua mtu aliyenunua simu mpya Jumatatu jioni. Anahamishia laini, anaweka WhatsApp, anaandika tarakimu za meseji, kisha anaulizwa PIN na haikumbuki. Anakimbilia simu ya zamani akabadilishe kule, anakuta imeshatolewa kwenye akaunti. Tarakimu za meseji zikishaingizwa kwenye simu mpya, ile ya zamani hutoka, hata kama mpya haijafunguka. Sasa hana hii wala ile, na kama hakuwahi kuweka barua pepe ya kubadilishia PIN, atangoja siku 7 kabla ya kuingia bila PIN. Angefungua simu ya zamani kabla ya kugusa mpya, kazi ingekuwa ya dakika moja.

Kwa hiyo kabla ya kuhama simu, badilisha PIN kwanza kama huikumbuki vizuri.

Dhana: "Siku 7 zinapunguzwa ukifuta programu na kuiweka upya."

Hazipungui. Muda huo haukai ndani ya simu, umefungwa kwenye namba yako upande wa WhatsApp. Ukifuta programu, ukibadilisha simu au ukiwasha na kuzima, utarudi kwenye skrini ileile. Gusa "Umesahau PIN?" na utaonyeshwa muda uliobaki, andika siku na saa, kisha uache. Anayekuahidi kukufungulia leo kwa malipo hana mlango wa kupitia. Anataka pesa yako, au zile tarakimu za meseji.

Najua kungoja kunaumiza, hasa kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko humo. Ila fikiria mwizi aliyefanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake. Meseji zote zinamfikia yeye. Kama PIN ingefutwa papo hapo kwa kugusa "Umesahau PIN?", angeingia dakika hiyohiyo. Siku 7 zinakupa nafasi ya kurudishiwa laini yako kabla hajaingia.

Hali ikiwa kinyume, yaani mwizi ndiye aliyeweka PIN kwenye akaunti yako, sajili namba yako tena mara moja. Ukiingiza tarakimu za meseji, yeye anatolewa papo hapo, ingawa wewe utangoja siku 7 kabla ya kuingia bila PIN yake.

Dhana: "Mazungumzo yangu yamepotea."

PIN hulinda usajili wa namba, haifungi nakala rudufu. Iliyoko Google Drive au iCloud inabaki pale. Ukiingia, utairejesha kama kawaida.

Dhana: "Barua pepe si muhimu, nitairuka."

Wengi huiruka kwa sababu hatua hiyo ina ruhusa ya kurukwa. Lakini hiyo ndiyo inayoondoa kungoja: unagusa "Umesahau PIN?", unachagua kutumiwa barua pepe, unafungua kiungo kinachokuja, unarudi kwenye WhatsApp na kuweka PIN mpya. Anwani hiyo lazima iwe unayoifungua hadi leo, iliyoandikwa bila kosa la herufi. Ile uliyofunguliwa kazini na kuiacha kazini haitakusaidia, kwa maana kiungo kitakwenda huko huko. Unaweza kuiongeza au kuibadilisha wakati wowote kwenye ukurasa uleule wa uthibitishaji wa hatua mbili, mradi bado umo ndani ya akaunti.

Na barua ya kubadilisha PIN ikija bila wewe kuiomba, usiguse kiungo chake. Huenda kuna mtu anajaribu kusajili namba yako. Fungua WhatsApp uone kama bado umo. Ukikuta umetolewa, sajili namba yako upya na uweke PIN yako.