“Huyu mtoto ana kiburi”: dhana potofu kuhusu watoto wanaokataa mboga za majani

Binti wa mdogo wangu, hapa Uyole, alikuwa akila majani ya maboga yaliyopondwa tangu ana miezi minane. Alipokaribia miaka miwili na nusu, akaanza kusukuma bakuli kabla kijiko hakijamfikia. Mama yetu akamwambia mdogo wangu, “Mjukuu wangu umemdekeza, mwanangu.” Jirani yeye akasema ni kiburi.

Dhana: Ni kiburi, kadekezwa.

Ukweli ni kwamba hofu ya chakula kigeni ni sehemu ya ukuaji. Huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6, halafu hupungua taratibu. Wataalamu wengi huieleza hivi: mtoto akishajua kutembea anaweza kufikia jani lolote lililo mbele yake, na mimea mingi yenye sumu ni michungu. Hivyo anayeogopa asichokijua analindwa na hofu hiyo. Kwa bahati mbaya, mnafu nao ni mchungu, na watoto wengine wamezaliwa na ulimi unaosikia uchungu huo kuliko wenzao. Ndiyo maana katika nyumba moja, kwa mama yuleyule, mmoja anakula na mwingine anatema.

Mtazame vizuri anapokataa. Mara nyingi hajaonja, ameamua kwa macho. Binti yetu alikuwa akichambua vijani vidogo kwenye wali kimoja kimoja, anavipanga ukingoni mwa sahani, kisha anakula wali wote. Hata chakula alichokizoea, kikipikwa kwa sura nyingine, kwake ni kigeni.

Dhana: Hali kabisa, atakonda.

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi akitimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu. Kasi ya kukua imepungua, na hamu ya kula hupungua nayo. Angalia pia anachokula katikati. Chai ya maziwa yenye sukari na andazi saa nne, biskuti saa sita, halafu saa saba unategemea ale ugali na chainizi? Tumbo lake limeshajaa.

Dhana: Nimempa mara tatu kakataa, basi hapendi.

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa mapema. Mara nyingi mtoto anahitaji kukutana na chakula kilekile mara 8 hadi 15, na wengine zaidi, ndipo akizoee.

Tulifanya hivi. Tulichagua mboga moja tu, mnafu. Mdogo wangu aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaunga kwa karanga zilizosagwa na chumvi kidogo sana, kwa sababu chumvi na mafuta ya karanga hufifisha uchungu. Kila mchana alimwekea kijiko kimoja cha chai pembeni ya ugali aliouzoea, asiseme neno. Sote tukala mnafu huohuo mbele yake, maana mtoto hushawishika zaidi akimwona mtu mzima anakula alichowekewa yeye.

Siku nne za kwanza hakugusa. Siku ya tano aliuminya kwa vidole. Ya saba alilamba, akatema. Mama akataka kukasirika, lakini kulamba na kutema ni kuonja pia, kunahesabika. Siku ya kumi na moja alimeza tonge lenye mnafu, akaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Chainizi bado anaikataa, na zamu yake itakuja.

Dhana: Mlazimishe, au muahidi soda akimaliza.

Ukimshika kidevu, anajifunza kuogopa mnafu na kukuogopa wewe pamoja nao. Soda nayo inamfundisha kwamba mnafu ni adhabu na soda ndiyo tuzo, kwa hiyo kesho atauchukia mnafu zaidi kuliko leo. Kazi ya mzazi ni kuchagua chakula na saa ya kula. Ale kiasi gani, mwachie yeye mwenyewe.

Dhana: Kila kukataa ni kawaida, atazoea tu.

Si kila mara. Kama mstari kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, kama anapaliwa au kutapika kila akipewa chakula kigumu, au kama vyakula anavyokubali vinapungua mwezi hadi mwezi mpaka vimebaki vitatu vinne, mpeleke kituo cha afya. Mpeleke pia ukimkuta anakula udongo, kwa kuwa huenda ana upungufu wa damu, na huo hupimwa kwa tone moja la damu kidoleni.