Kifurushi cha familia: undugu au anwani?

Kuhusu muziki wa mtandaoni, wapo wanaosema: “Ndugu wa damu anaruhusiwa kwenye kifurushi cha familia popote anapoishi, na akihama anaondolewa tu na mfumo.”

Sivyo. Kwa huduma kubwa za muziki mtandaoni, kinachohesabiwa zaidi ni paa moja. Kwa kawaida nafasi ni 6, akiwemo msimamizi, yaani anayelipia kifurushi, na wote wanatakiwa kuishi anwani moja.

Hapo kwenye anwani ndipo wengi wa Dar hukwama. Kwenye baadhi ya huduma, mwalikwa huulizwa anwani, kisha inalinganishwa na ile ya msimamizi. Baba aliandika sanduku la posta, binti akaandika “Tabata, karibu na shule”: mfumo unaona nyumba mbili. Ni afadhali wote waandike vilevile namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi.

Sasa kaka amepanga chumba Mbagala. Mfumo hauna habari na begi lake, ingawa baadhi ya huduma huomba anwani ithibitishwe upya. Msimamizi ndiye anayefungua ukurasa wa akaunti, anachagua jina la kaka na kumwondoa. Kwa huduma yenye toleo la bure kama Spotify, akaunti ya kaka haifutwi: orodha zake za nyimbo hubaki, ila anarudi kwenye huduma ya bure yenye matangazo. Asikimbilie kifurushi cha shemeji bila kusoma masharti, maana baadhi ya huduma huruhusu kubadili familia mara moja tu kwa miezi 12.

Ukitaka kuhakiki, fungua masharti ya huduma yako na utafute maneno “same address” au “household”.