Kinyama kinachouma na damu kwenye tishu: si kila mara ni bawasiri

Dhana: Ukipapasa kinyama kwenye njia ya haja kubwa na tishu ikatoka na damu nyekundu, hiyo ni bawasiri tu.

Damu peke yake haitoshi kukuambia. Jiulize kwanza kuhusu maumivu: yanaanza lini na yanakaa muda gani.

Bawasiri ya ndani, ambayo mara nyingi ndiyo inayotoa damu, kwa kawaida haiumi. Inaota sehemu ya juu ya njia, ambako hakuna mishipa ya fahamu inayohisi maumivu kama ile ya ngozi. Mtu hushtukia damu mbichi ikidondoka chooni, na hakusikia chochote. Bawasiri inayouma sana ni ya nje, iliyogandiwa na damu ndani yake. Hiyo hutokea ghafla: jana hukuwa na kitu, leo una uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau ukubwa wa punje ya harage, unauma ukikaa, ukitembea, hata ukikohoa.

Mpasuko ni jambo jingine. Ni ngozi laini ya mlango wa haja iliyochanika, mara nyingi upande wa nyuma, kwa sababu ya choo kigumu. Maumivu yake huja wakati wa haja, kama unapitisha kipande cha chupa, kisha huendelea kuwaka kwa dakika au saa kadhaa. Damu huwa kidogo, mstari tu kwenye tishu.

Chukua mfano wa fundi cherehani anayekaa kutwa na kunywa maji kidogo. Anapata choo kigumu baada ya siku 4, anachanika. Kesho yake anaogopa kwenda chooni, anajizuia, choo kinazidi kukauka, kidonda kinachanika upya. Maumivu nayo yanafanya misuli ya mlango ibane, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, hakiponi. Baada ya wiki kadhaa pembeni ya kidonda inaota ngozi ndogo inayoning'inia. Anaipapasa, anasema "bawasiri", anapaka dawa ya bawasiri miezi 2 na kinyama hakinywei. Hakiwezi kunywea, kwani ni ngozi tu. Kinachohitaji tiba ni kidonda kilichojificha nyuma yake.

Dhana: Kula kidogo ili usiende chooni mara kwa mara.

Huu ndio ushauri unaonisikitisha zaidi, maana unakuza kile kile kilichomchana mtu. Choo kinatakiwa kiwe laini na kitoke kila kinapokuja. Fundi wetu ale dona badala ya sembe, maharage, matembele, papai, na aongeze maji. Aanze taratibu, la sivyo tumbo litajaa gesi. Chakula kisipotosha, dukani kuna isabgol, maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi. Inywewe na maji mengi, au duka la dawa limpe laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo. Chooni asijikamue wala asikae na simu. Kwenye choo cha kukaa, aweke miguu juu ya kigoda kifupi.

Kila baada ya haja akalie beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, kisha ajikaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Vuguvugu hulegeza ile misuli iliyobana. Kwa maumivu, parasetamoli. Tramadoli na kodeini zinafunga choo, aziepuke.

Dhana: Dawa inayowasha ndiyo inayokausha kinyama.

Dettol, kitunguu saumu, ugoro na unga wa dawa za kuchoma huunguza ngozi ambayo tayari ina kidonda. Maji matupu yanatosha.

Dhana: Uvimbe ulioganda damu lazima ukatwe.

Maumivu yake huwa makali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua, na uvimbe hunywea wenyewe ndani ya wiki chache. Daktari anaweza kuutoa kama umefika mapema na maumivu hayavumiliki. Usiutoboe nyumbani kwa sindano. Mpasuko mpya nao mara nyingi hupona kwa hatua zile zile. Ukipita wiki 6 hadi 8, kuna marhamu za kulegeza misuli ambazo daktari huandika, na upasuaji hufuata zikishindwa.

Dhana: Nina umri mdogo, damu hii haina hatari.

Bawasiri haigeuki saratani, lakini saratani ya utumbo mpana inaweza kutoa damu na kudhaniwa bawasiri. Nenda ukapimwe kama damu ni nyeusi au imechanganyika na choo, unakonda, unachoka kwa upungufu wa damu, au mwenendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa. Vivyo hivyo kwa mpasuko ulio ubavuni au zaidi ya mmoja, kwani kifua kikuu, kaswende na VVU vinaweza kuwa nyuma yake. Uvimbe unaopwita, wenye joto, pamoja na homa, huenda ni jipu: huo nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa ukiwa na kisukari. Damu ikitoka kwa wingi au ukasikia kizunguzungu, usisubiri kukuche.