Dumu la asali lililopungua: namna ya kumjibu mteja aliyekuchafua mbele za watu

Jumamosi moja usiku, saa mbili na dakika kumi, mama mmoja anayeuza asali hapa Tabora mjini alikuwa anafunga hesabu za siku simu yake ilipoanza kuita mlio juu ya mlio. Chini ya tangazo la madumu yake, mteja wa Njombe alikuwa ameandika hivi: "MSINUNUE HAPA. Nimelipia lita 5 nimeletewa lita tatu na kitu. Halafu ni sukari tupu, imeganda kama samli. Matapeli wakubwa."

Kijana wake, ambaye ndiye anayeshika ukurasa wa duka, alijibu ndani ya robo saa: "Dada acha ujuaji. Asali orijino lazima igande. Kama hujui asali kanunue sukari guru." Hadi wanalala, malalamiko ya mtu mmoja yalikuwa yamegeuka mazungumzo ya watu arobaini. Wengi wao hawakuwahi kununua asali hapo, na wala hawakuwa na haja na asali. Walikuja kuangalia ugomvi.

Jumatatu asubuhi alikuja ofisini kwetu. Kazi ya dawati letu ni kuwasaidia wajasiriamali wadogo katika mambo ya wateja na mawasiliano, na kesi za namna hii sasa tunazipokea karibu kila wiki. Ameniruhusu niieleze yake, bila jina la duka.

Nilianza kwa kumwomba asome ile komenti polepole, kama barua ya mtu asiye na hasira. Ukiondoa "matapeli" na herufi kubwa, ndani yake kuna madai mawili tofauti: dumu limepungua, na asali imechanganywa sukari. Kijana alijibu la pili tu, lile alilojua ana hoja nalo. Na kusema kweli, kwa upande huo hoja alikuwa nayo. Asali huganda kwa sababu ya sukari yake ya asili iitwayo glukosi, nayo huganda upesi zaidi penye baridi. Dumu likitoka Tabora mwezi wa saba likakaa jikoni Njombe, kuganda si ajabu hata kidogo. Lakini mtu anayesoma kwa mbali haoni somo la asali. Anaona swali la lita limerukwa, na swali lililorukwa mbele za watu huhesabiwa kuwa limekubaliwa.

Basi tukaenda kwenye lita. Tulifungua daftari la kujazia, nikamuuliza anayejaza hupimaje. Akasema huweka dumu tupu juu ya mzani, anasawazisha mshale urudi sifuri, halafu anamimina hadi kilo 5. Tangazo lakini linasema lita 5. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina kama kilo 1.4. Kilo 5 za asali ni lita tatu na nusu tu. Dumu la lita 5 lililojaa linapaswa kusoma kilo 7 na ushee. Mteja wa Njombe alikuwa amepunjwa lita moja na nusu, tena si peke yake. Daftari lilionyesha madumu mengine matatu yaliyojazwa wiki hiyo na mikono ileile.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tumemtukana mtu aliyesema kweli."

Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba jibu la kwanza lisiwe la kujitetea wala la kukiri. Saa mbili usiku hujafungua daftari, kwa hiyo hujui. Unachoweza kuandika kwa uhakika ni kwamba umesikia, utakagua kitu gani, na utarudi lini. Ile Jumamosi jibu lingetosha hivi:

"Dada, pole, na asante kwa kutuambia. Lita 5 zikiwa tatu na kitu si jambo dogo. Kesho asubuhi tunakagua daftari la kujazia na mzani, na kabla ya saa sita mchana tutaandika hapahapa tulichokuta. La kuganda nalo tutalieleza. Namba ya risiti ya basi tutumie inboksi, usiiweke hapa."

Angalia kilichomo. Lita zimetajwa kwa jina, halikuandikwa lile neno la jumla la "changamoto iliyojitokeza" ambalo kila mtu ameshalichoka. Saa imetajwa. Na neno "hapahapa" lina kazi yake. Wateja wetu wamezoea kuambiwa "bei njoo inboksi", na wanajua anayekuvuta pembeni mara nyingi ana la kuficha. Namba ya simu, risiti na anwani viende pembeni, ila majibu yabaki pale malalamiko yalipotolewa. Ahadi ya saa nayo ni ya kutimizwa. Ikifika saa sita hujamaliza kukagua, andika kwamba bado, na useme umebakiza nini.

Kijana alikuwa na mipango mingine miwili, na yote nilimkataza. Wa kwanza ulikuwa kufuta. Maneno yakishasomwa na watu arobaini, yupo aliyekwisha kupiga picha ya skrini, na picha hiyo ikirudi na maelezo kwamba "wamefuta" inakuwa mbaya kuliko komenti yenyewe. Kuficha nako hakusaidii. Komenti ukiificha Facebook, aliyeiandika na marafiki zake wanaendelea kuiona. Wengine ndio hawaioni, na yeye akigundua ataandika upya kwa ukali zaidi. Mimi hufuta mambo machache tu: tusi la kabila au dini, tishio, au namba ya simu ya mtu iliyoanikwa. "Matapeli" linauma, lakini halimo kwenye orodha hiyo.

Mpango wa pili ulikuwa kuweka hadharani ujumbe wa malipo ya simu, ili kuonyesha kwamba mteja alipokea mzigo na hakulalamika siku ileile. Ujumbe ule ulikuwa na jina lake kamili na namba yake. Tangu ianze kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kumwanika mteja namna hiyo si ukosefu wa adabu tu, kunaweza kukuletea kesi. Hata bila sheria, kila msomaji angejiuliza: siku nikilalamika mimi, namba yangu nayo itabandikwa?

Kulikuwa na wazo la tatu, ambalo binafsi lilinichekesha. Mjomba wa familia alishauri warekodi video wakiwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali, ili kuthibitisha usafi wake. Majaribio ya njiti, ya tone kwenye maji na ya sisimizi yanapendwa sana, lakini hayathibitishi lolote, maana asali nzuri inaweza kufeli na ya kuchanganywa ikapita. Sukari iliyoongezwa hugunduliwa maabara. Ukijibu tuhuma kwa video ya njiti, yupo mtu mmoja anayejua, naye ataandika.

Hapo pana mtego mwingine. Mama huyu hafugi nyuki; ananunua kwa wafugaji wa Sikonge. Je, anaweza kuandika "asali yetu haina sukari asilani"? Hawezi. Anachokijua ni kwamba yeye hakuongeza kitu. Wala asiandike kwamba imethibitishwa na Shirika la Viwango kama cheti alichonacho si cha bidhaa hiyo. Andika kile tu utakachoweza kukionyesha ukiulizwa kesho. Ukizidisha nusu sentensi, unampa mlalamikaji dai la tatu.

Jibu la pili tuliliandika pamoja, likawekwa Jumatatu mchana chini ya komenti ileile. Kwanza kijana alifuta maneno yake ya Jumamosi na kuandika wazi kwamba ameyafuta yeye, kwa sababu yalikuwa ya dharau. Kisha mama akaandika kwa jina la duka:

"Dada, samahani kwa lugha uliyojibiwa. Tumekagua, na kuhusu ujazo umesema kweli. Tulipima kilo 5 badala ya lita 5, na asali ya lita 5 hufika kilo 7. Zimepungua lita moja na nusu. Chagua: tukurudishie sh 22,500, au tukutumie asali iliyopungua, nauli juu yetu. Wateja wengine watatu wa wiki hiyo tunawapigia leo. Kuhusu kuganda: sisi hatuongezi kitu, na asali huganda penye baridi. Ukiweka chombo chake kwenye maji ya vuguvugu yanayovumilika kwa mkono, italegea taratibu. Kama bado una shaka nayo, irudishe, tutakupa hela yako yote 75,000."

Kosa limetangulia, maelezo ya kuganda yamefuata. Ukigeuza mpangilio huo, maneno ni yaleyale lakini msomaji ataona unazunguka. Wale wateja watatu nao si pambo: mtu akikiri kosa ambalo hakuna aliyelijua, hahitaji kuapa kwamba ni mwaminifu. Halafu kiasi cha pesa kimeandikwa waziwazi. Mama aliogopa kila mtu angekuja kudai. Walikuja wawili. Mmoja hakuwa na tarehe ya kununua wala risiti. Aliulizwa kwa upole siku aliyopokea mzigo, hakurudi tena. Hakuna aliyemwambia "umetumwa". Mshindani akituma watu huonekana kwa njia hiyohiyo, hana tarehe, na wasomaji wanaliona wenyewe bila kusaidiwa.

Nilimwomba pia awazuie ndugu. Shangazi na binamu walikuwa wameshaanza kuandika "asali tamu sana, duka namba moja", dakika tano tano, majina ya ukoo uleule. Watu wa mtandaoni si watoto.

Baada ya majibu mawili, basi. Mteja wa Njombe alichagua kurudishiwa pesa, akatumiwa siku hiyohiyo, lakini hakuandika kwamba ameridhika, na hatukumwomba. Kumwambia mtu "tumekulipa, sasa futa" ni kumpa komenti ya pili. Nyingine zilizokuja za kebehi tu ziliachwa bila jibu.

Kilichobaki kilikuwa mezani, si kwenye simu. Bidhaa iliyofungashwa pungufu ya kiasi kilichotangazwa ni suala la Wakala wa Vipimo, hata pasipo mteja wa kulalamika. Kwa hiyo mzani ulipelekwa kukaguliwa, na ubaoni juu ya meza ya kujazia pameandikwa kwa chaki: LITA 5 = KILO 7.1. Tangazo nalo sasa linataja vyote viwili.

Komenti ya Jumamosi haijafutwa. Wiki mbili baadaye mtu wa Dodoma aliipitia hadi mwisho, akauliza chini yake: "Kwa hiyo dumu siku hizi linajaa?" Kijana alijibu kwa picha ya dumu juu ya mzani, mshale umepita kidogo saba.