Imani isiyokanushika si imani imara

“Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba si kweli, kwa hiyo ni kweli.”

Hapana. Huenda imani hiyo imetungwa kwa namna ambayo hakuna tukio linaloweza kuipinga. Chukua imani kwamba kiganja kikiwasha, pesa zinakuja. Zisipokuja leo, utaambiwa subiri. Zikichelewa mwezi, basi ulikikuna vibaya, au baraka ilikuja kwa sura nyingine. Kila tokeo linakubaliwa, kwa hiyo imani haitabiri chochote.

Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alitaka dai la kisayansi liseme mapema ni tukio gani likionekana litaliangusha. Basi tulifunge dai letu: kiganja kikiwasha, pesa ambazo hukuzitarajia zitaingia ndani ya saa 24. Andika muwasho kabla ya kujua matokeo, maana kumbukumbu hushika yaliyotimia na kuacha mengine.

Andika pia siku zisizo na muwasho. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme katika siku 20 za muwasho pesa ziliingia mara 6. Inavutia, mpaka uone kwamba katika siku 40 bila muwasho ziliingia mara 12. Zote ni asilimia 30, hivyo muwasho haukuongeza kitu.

Mtu akisema sasa kwamba kuandika kumefukuza bahati, dai limerudi kusikogusika. Hilo halithibitishi kwamba ni uongo; linaondoa tu njia ya kujua.