Jibu la kumnyima mtu kazi: mfano wa nafasi ya mapokezi

Katika kazi yangu ya kushauri hoteli na kampuni za utalii hapa Arusha kuhusu uajiri, ujumbe ninaoukuta mara nyingi kwenye simu za mameneja ni huu: "Hukupata. Tumechukua mwingine." Mmoja wa aina hiyo ulikuwa umeandaliwa kwa binti aliyetoka Moshi kwa basi kuja kwenye usaili wa nafasi ya mapokezi. Meneja alikubali tuuandike upya kabla haujatumwa, nao ukawa hivi:

"Ndugu (jina lake), tunakushukuru kwa kusafiri kutoka Moshi kuja kwenye usaili wa nafasi ya mapokezi. Tumekamilisha uteuzi, na tunasikitika kukujulisha kuwa hatutaweza kukupa nafasi hii. Tangazo letu lilihitaji Kifaransa cha kuzungumza na wageni, na aliyechaguliwa anakimudu zaidi. Namna ulivyomhudumia mgeni mwenye malalamiko katika zoezi la usaili ilitupendeza sana. Nakala za vyeti vyako zipo mapokezi, unaweza kuzichukua ukipenda. Tunakutakia kila la heri."

"Hukupata" inamwekea mwombaji kosa, ilhali uamuzi ni wa mwajiri. Kwa hiyo sentensi inayobeba uamuzi lazima aibebe mwajiri mwenyewe: "hatutaweza kukupa". Hata hivyo upole usiufiche uamuzi huo. Nimeona barua zenye shukrani nyingi kiasi kwamba msomaji anamaliza akiwa bado anajiuliza kama amepata au amekosa, na kesho yake anapiga simu kuuliza.

Sababu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Iwe moja, iwe ya kweli, na itokane na sifa zilizoandikwa kwenye tangazo, kama kilivyokuwa Kifaransa hapa. Meneja yule alitaka kwanza kuandika kwamba walipendelea "mtu asiye na mtoto mchanga", akidhani anakuwa mkweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, dini, kabila na umri, na kinga hiyo inamhusu mwombaji pia, si aliyekwisha kuajiriwa tu. Kubadilisha maneno hakutoshi pale sababu yenyewe inapokuwa mbaya, kwa hiyo tulirudi kwanza kwenye alama za usaili tukahakikisha kwamba kweli Kifaransa ndicho kilichoamua.

Sifa nayo iwe ya jambo lililoonekana. "Una uwezo mkubwa" inaweza kuandikiwa yeyote, lakini zoezi la mgeni mwenye malalamiko alilifanya yeye.

Nilifuta pia sentensi ya "tutakutafuta nafasi ikitokea", kwa kuwa hoteli haikuwa na mpango wowote wa kuajiri tena msimu huo, na mtu anaweza kukataa kibarua kingine akisubiri simu hiyo.

Kwa walioleta maombi tu bila kufika kwenye usaili, shukrani, uamuzi na jina lililoandikwa sawasawa vinatosha.